Kusaka Kazi kwa site: Tafuta Mlango Kabla ya Tangazo

Tovuti za ajira tunazozifungua kila asubuhi, ziwe za Dar es Salaam au za Nairobi, hupata matangazo yake kwa njia mbili. Mwajiri anapeleka tangazo lake liwekwe, mara nyingi kwa kulipia, au mwenye tovuti analinakili kutoka mahali pengine. Nafasi isiyopita katika njia hizo haionekani huko, hata kama imetangazwa hadharani na kila mwenye sifa anaruhusiwa kuomba. Ndiyo maana mtafuta kazi anaweza kuzunguka tovuti tano na kukuta matangazo yale yale yakibadilishana kurasa, ilhali shirika lililo mtaa wa pili na kwake linaajiri.

Mwajiri ana sababu zake za kutolipeleka tangazo mbali. Kulipia kuna gharama, na shirika dogo linalotafuta mtu mmoja halioni haja. Wengine wanaogopa wingi wa maombi, kwa kuwa tangazo likisambaa kwenye makundi ya WhatsApp, ofisa rasilimali watu mmoja hujikuta na barua ambazo hawezi kuzisoma zote. Kuna pia mashirika ambayo makao yake makuu yako nje. Nafasi ya Dodoma inaandikwa na mtu aliyeko Washington au London, anaiweka kwenye mfumo wa ajira wa shirika lake, na kwa upande wake kazi ya kutangaza imekwisha.

Matangazo ya namna hii hayajafichwa. Yako kwenye intaneti na mara nyingi Google imeshayasoma, ila yanazama chini ya kurasa za tovuti kubwa za ajira ambazo Google huzipa nafasi ya juu. Amri ya `site:` inaondoa kelele hizo kwa kuilazimisha Google itafute ndani ya anwani uliyoitaja tu. Nataka kuonyesha inavyotumika kwa nafasi moja mahususi, ya mhasibu anayetaka kazi Mwanza, kwa sababu ukifuata mfano mmoja hadi mwisho utaona nguvu ya amri hii na mipaka yake pia.

Kwanza namna ya kuiandika. Baada ya nukta mbili hakuna nafasi. Ukiandika `site: or.tz`, nafasi hiyo ndogo inaivunja amri na unapata matokeo ya kawaida. Anwani inaweza kuwa pana au nyembamba upendavyo. `site:or.tz` inachukua tovuti zote zinazoishia hivyo, ambazo nyingi ni za mashirika yasiyo ya kiserikali na taasisi za Tanzania. `site:co.tz` inachukua kampuni, `site:ac.tz` vyuo, na `site:go.tz` serikali. Kenya ina `or.ke`, `co.ke`, `ac.ke` na `go.ke`. Ukiongeza jina la taasisi mbele ya mwisho huo unabaki na tovuti yake peke yake.

Sasa mhasibu wetu. Kosa la kawaida ni kuanza na neno moja, "accountant", na kuishia hapo. Waajiri wanaiita kazi hiyo hiyo kwa majina mengi: Accountant, Finance Officer, Finance Assistant, Accounts Officer. Sekta binafsi na mashirika ya Tanzania hutangaza zaidi kwa Kiingereza hata pale ambapo kazi yenyewe itafanyika kwa Kiswahili, kwa hiyo maneno ya kutafutia lazima yawe yale ambayo mwajiri ameyaandika. Neno `OR` liandikwe kwa herufi kubwa, na maneno mawili yanayokwenda pamoja yafungwe kwa alama za mtajo:

```
site:or.tz Mwanza (accountant OR "finance officer" OR "finance assistant")
```

Matokeo ya kwanza yatakuwa machafu. Utakuta ripoti za mwaka zinazomtaja mhasibu wa shirika, orodha za wafanyakazi na habari za semina. Dawa yake ni kuongeza maneno ambayo huandikwa kwenye tangazo la kazi na si kwenye ripoti. Tangazo la Kitanzania lina maneno yake ya desturi, kama vile "mode of application", "duties and responsibilities", "reports to" na "closing date". Ongeza moja tu kwa wakati mmoja. Ukiyafunga manne yote pamoja, Google itakuletea tu kurasa zenye yote manne, na tangazo zuri lililoandika "how to apply" litakupita.

```
site:or.tz filetype:pdf Mwanza accountant "mode of application"
```

Hiyo `filetype:pdf` ina umuhimu mkubwa kwetu kuliko katika nchi ambazo kila kampuni ina mfumo wa ajira. Taasisi zetu nyingi huandika tangazo kwenye Word, hulipitisha kwa mkurugenzi, hulihifadhi kama PDF, kisha hulipandisha kwenye tovuti chini ya kichwa cha "Announcements" au "Matangazo", likiwa katikati ya zabuni na salamu za sikukuu. Ukitafuta ukurasa wa "Careers" hutaupata kwa sababu haupo. Faili ndilo tangazo lote.

Halmashauri za wilaya na miji ndiyo mfano ulio wazi zaidi. Kila moja ina tovuti yake chini ya `go.tz`, na inapopata kibali cha ajira hutoa tangazo la nafasi kama Mtendaji wa Kijiji, Dereva au Msaidizi wa Kumbukumbu. Hapa lugha ni Kiswahili, na tena Kiswahili cha kiofisi ambacho hakibadiliki sana kutoka halmashauri hadi halmashauri:

```
site:go.tz filetype:pdf "nafasi za kazi" "sifa za mwombaji" Mwanza
```

Maombi yenyewe siku hizi mara nyingi hupelekwa kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, lakini ni heri kulisoma tangazo kwenye tovuti ya halmashauri yenyewe. Hapo unaona barua inaelekezwa kwa nani, kada ni ipi, na kama kuna masharti ya ziada.

Upande wa pili wa kazi hii ni mifumo ya ajira ya kukodi, na kwa maoni yangu huko ndiko kwenye mavuno makubwa kwa anayetaka kazi za mashirika ya kimataifa na kampuni changa za teknolojia. Badala ya kujenga ukurasa wake wa ajira, kampuni hujiunga na huduma kama Greenhouse, Lever, Workable, Ashby au SmartRecruiters. Huduma hiyo humpa kila mteja anwani yake chini ya anwani kuu, na kila nafasi inapofunguliwa hupata ukurasa wake hapo hapo. Kwa hiyo ukitafuta ndani ya anwani kuu moja unatafuta kwa maelfu ya waajiri kwa pamoja, wakiwemo ambao hujawahi kuwasikia.

```
site:greenhouse.io "Mwanza" (accountant OR finance)
site:lever.co "Dar es Salaam" finance
site:apply.workable.com Tanzania accountant
```

Kila mstari ni utafutaji wake, usiandike yote mitatu kwa mkupuo. Angalia pia kwamba nimeandika `greenhouse.io` bila kitu mbele yake. Huduma hiyo ina kurasa za kazi kwenye `boards.greenhouse.io` na pia `job-boards.greenhouse.io`, na anayeandika ya kwanza peke yake anakosa za pili. Anwani pana inazikusanya zote.

Jina la nchi ndilo litakalokusumbua zaidi. Shirika linalofanya kazi nchi sita huandika chini ya kila tangazo kwamba lina ofisi Kenya, Rwanda, Tanzania, Uganda na kwingineko. Google haijui kwamba kazi ni ya Kigali, inaona neno Tanzania tu na kukuletea. Ndiyo maana jina la mji linafaa kuliko jina la nchi: Mwanza, Arusha, Dodoma, Kigoma. Pale shirika moja linapojaza ukurasa mzima kwa matangazo yake, liondoe kwa alama ya kutoa na jina lake kama linavyoonekana kwenye anwani, kwa mfano `-inurl:jinalashirika`, ili walio chini yake waonekane.

Umebofya tokeo, na tangazo limefungwa. Hili litakutokea mara nyingi, na hapa ndipo watu wengi hukata tamaa na kusema mbinu hii haifai. Google haisomi intaneti papo hapo, inatafuta ndani ya faharasa ambayo roboti yake iliijenga ilipopita mara ya mwisho. Ukurasa wa nafasi iliyofungwa jana unaweza kubaki kwenye faharasa kwa siku au wiki kadhaa. Na nafasi iliyofunguliwa asubuhi hii huenda bado haijaingia. Amri zote za dunia haziwezi kuurekebisha upungufu huo.

Lakini anwani uliyoifikia bado ina faida, kwa kuwa umeujua mlango wa mwajiri. Chukua anwani ya tangazo la Lever. Huanza na `jobs.lever.co`, kisha mkwaju, kisha jina la kampuni, kisha mkwaju mwingine na mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu ambao ni utambulisho wa nafasi ile moja. Futa kila kitu baada ya jina la kampuni na ubonyeze kuingia. Utafika kwenye orodha ya nafasi zote ambazo kampuni hiyo imezifungua sasa hivi, na hiyo inatoka kwenye mfumo wenyewe, bila kupitia faharasa ya Google. Greenhouse ni vivyo hivyo: ondoa sehemu ya `jobs` na namba inayoifuata, ubaki na jina la mwajiri. Kwenye tovuti ya kawaida ya `or.tz` kata nyuma hatua moja moja mpaka ufike kwenye ukurasa wa matangazo. Kwa faili la PDF kukata mara nyingi hakusaidii, kwa sababu mafaili hukaa kwenye folda yake ambayo haifunguki. Hapo nenda ukurasa wa mbele wa tovuti na utafute neno "Matangazo", "Vacancies" au "Opportunities".

Hivi ndivyo ninavyoiona kazi yote hii. Utafutaji kwa `site:` ni dhaifu kama njia ya kukamata tangazo jipya, na ni bora sana kama njia ya kugundua waajiri. Mhasibu wetu wa Mwanza akikaa jioni mbili tatu na amri hizi, anachopaswa kutoka nacho ni orodha ya milango: mashirika ya Kanda ya Ziwa ambayo yamewahi kuajiri mtu wa fedha, pamoja na anwani kamili ya ukurasa ambako kila moja hutangazia. Tangazo la mwaka juzi la Finance Officer wa Geita halimpi kazi leo. Linamwambia kwamba shirika hilo lina ofisi Geita, lina idara ya fedha, linataka shahada na CPA, na nafasi zake huziweka kwenye ukurasa fulani. Baada ya hapo anaitembelea orodha yake moja kwa moja kila wiki, bila kupitia Google wala tovuti ya ajira. Kwa mtu anayenunua bando la siku, kufungua kurasa ishirini nyepesi anazozijua ni nafuu kuliko kuperuzi tovuti zilizojaa matangazo ya biashara.

Kwa yule ambaye hawezi kuzitembelea kila wiki, Google Alerts inasaidia kwa kiasi. Kwenye `google.com/alerts` unaandika swali lako lote pamoja na `site:` ndani yake, unachagua kupokea taarifa kwa siku au kwa wiki, na viungo vya kurasa mpya zinazoingia kwenye faharasa, ingawa si vyote, vitatumwa kwenye barua pepe yako. Udhaifu ule wa kuchelewa unabaki, kwa hiyo nafasi yenye siku saba tu za kuomba inaweza kukufikia ikiwa imebakiza mbili.

Tarehe zinahitaji uangalifu wake. Unaweza kuongeza `after:` na tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi na siku, kama `after:2025-06-01`, na Google itajaribu kukuletea kurasa za baada ya hapo. Nasema itajaribu kwa sababu tarehe hiyo ni makadirio yake. Tovuti ikihamishiwa kwenye mfumo mpya, matangazo yote ya zamani yanaweza kuonekana kana kwamba yamechapishwa wiki hiyo. Ukurasa usio na tarehe yoyote unaweza kuachwa kabisa. Soma siku ya mwisho ya kuomba ndani ya tangazo lenyewe, na ukikuta imeandikwa siku na mwezi bila mwaka, tazama anwani ya faili. Tovuti nyingi huhifadhi mafaili kwenye folda za mwaka na mwezi, na utaona wazi kama ni `2021/03`. Kwenye mifumo ya kukodi dalili ni rahisi zaidi. Lever hukuonyesha kwamba ukurasa haupo, na Greenhouse huweza kukurudisha kwenye orodha kuu ya mwajiri huyo ikiwa nafasi imefungwa.

Yapo pia matangazo ambayo `site:` haitayafikia, au itayafikia kwa sehemu tu. Tangazo lililopandishwa kama picha, jinsi taasisi nyingi zinavyopenda kufanya kwa kupiga picha karatasi yenye muhuri, halina maneno ambayo utafutaji wa kawaida unaweza kuyategemea. Kurasa zinazotaka uingie kwa nywila hazisomwi. Mifumo ya kampuni kubwa, kama ile ya Workday inayoishia `myworkdayjobs.com` au ya Oracle inayoishia `oraclecloud.com`, huonekana kwenye Google kwa vipande tu. Benki au kampuni ya simu inayotumia mfumo kama huo huipati vizuri kwa amri, ila ukishaifikia anwani yake mara moja, tumia kisanduku cha kutafutia kilicho ndani ya mfumo wenyewe. Na usilichukue tokeo tupu kuwa ushahidi kwamba hakuna kazi. Google yenyewe inaeleza kwamba `site:` haionyeshi lazima kurasa zote ilizonazo. Jaribu swali hilo hilo kwenye Bing, ambako `site:` inafanya kazi, ingawa `inurl:` si ya kutegemea huko. Faharasa yake ni nyingine na wakati mwingine ina faili ambalo Google haijalifikia.

Ukituma maswali mengi ya namna hii kwa haraka, hasa yenye `inurl:`, Google itakuonyesha ukurasa wa onyo na kukutaka uthibitishe kwamba wewe ni mtu. Si kosa lolote. Punguza kasi, au endelea kesho.

Nimeacha kwa mwisho matumizi ambayo naona yana thamani kuliko hata kupata kazi, nayo ni kulikagua tangazo lililokujia kwa WhatsApp. Matapeli wa ajira huchukua nembo ya shirika la kweli, huandika mshahara mnono, na huweka namba ya simu ya kupokelea "ada ya usaili" au "fedha ya vipimo". Usibishane na tangazo. Tafuta kwanza tovuti halisi ya shirika, kisha chukua jina la nafasi kama lilivyoandikwa ulitafute ndani ya tovuti hiyo peke yake:

```
site:jinalashirika.or.tz "Logistics Assistant"
```

Likitokea, linganisha tarehe, kituo cha kazi na njia ya kuomba. Mara nyingine tangazo ni la kweli na tapeli amebadilisha anwani ya barua pepe tu. Lisipotokea, kumbuka kwamba faharasa huchelewa, hivyo fungua ukurasa wa ajira wa shirika kwa mkono kabla ya kuhukumu. Itazame pia anwani iliyo kwenye tangazo herufi kwa herufi. Shirika ambalo tovuti yake inaishia `or.tz` halina sababu ya kupokea maombi kwenye anwani inayofanana na hiyo lakini inaishia vingine, wala kwenye barua pepe ya bure iliyoundwa kwa jina la ofisa.

Usitume fedha, wala nakala ya vyeti, wala namba ya NIDA, kabla hujaliona tangazo hilo kwenye tovuti ya mwajiri mwenyewe au kwenye mfumo wa ajira ambao tovuti hiyo imekuelekeza. Na hata ukiliona huko, fedha usitume.